Kaunta Iliyoruka 8 na 0: Mjadala wa Ripoti ya Maabara

Katika ripoti hii ya maabara kuhusu kaunta ya kielektroniki kuna mstari mmoja wa namba unaostahili kusomwa polepole kuliko kurasa zote zilizobaki. Kitufe kilibonyezwa na kuachiwa mara moja kwa kila hesabu, na namba zilizoonekana kwenye taa nne za kaunta zikaandikwa hivi:

```
4 5 6 7 9 10 11 12 13 14 15 1 2 3 4 5 6 7 9
```

Baada ya 7 tulitarajia 8, na baada ya 15 tulitarajia 0. Zote mbili hazipo, na katika mzunguko uliofuata 8 ilikosekana tena palepale. Wanafunzi wawili walioandika ripoti waliyaita haya, katika rasimu yao ya kwanza, makosa ya kubahatisha. Mimi niliwarudisha kwenye mstari huu, kwa sababu kosa la kubahatisha halichagui mahali pa kutokea. Hili lilichagua, na jinsi lilivyochagua ndiyo njia ya kulifikia chanzo chake.

Sakiti yenyewe ni ndogo. Kwenye bredibodi kuna chipu ya 74HC161, kaunta ya biti nne inayohesabu kutoka 0 hadi 15 kisha kurudi 0. Inahesabu kila mara pini yake namba 2, yaani pini ya kloki, inapopanda kutoka volti za chini kwenda za juu. Pini zake za kuruhusu hesabu, ya kufuta na ya kupakia zote zimeunganishwa kwenye volti 5, kwa hiyo hakuna pini ya kuingiza amri iliyoachwa ikielea. Hilo lilikaguliwa mapema, na ni vizuri lilikaguliwa, maana pini ya kufuta ikielea kaunta hurudi 0 bila sababu, na mtu hutumia muda mwingi kutafuta kosa kwingine. Kila pini kati ya nne za kutoa matokeo inawasha taa ya LED kupitia rezista ya kilo-omu 1, na upande wa pili wa taa umeungana na graundi. Umeme unatoka kwenye pawa saplai kwa nyaya mbili zenye urefu wa kama sentimita 15.

Mwanzoni kitufe kilipeleka kloki moja kwa moja. Rezista ya kilo-omu 10 iliivuta pini ya kloki kwenda volti 5, na kitufe kikibonyezwa kiliishusha kwenye graundi. Hapo hesabu ilivurugika kabisa: 3, kisha 6, kisha 7, kisha 12. Chanzo chake kinajulikana. Vyuma viwili ndani ya kitufe havigusani mara moja na kutulia; hudundadunda kwa milisekunde kadhaa, na kaunta inayoweza kuhesabu mamilioni ya mapigo kwa sekunde inahesabu kila mdundo. Kulikuwa na dalili nyingine ambayo wanafunzi waliiandika bila kuieleza: namba ilibadilika wakati wa kubonyeza na pia wakati wa kuachia. Kloki safi ingepanda wakati wa kuachia tu. Ikibadilika pia wakati wa kubonyeza, maana yake ndani ya kushuka kule kuna kupanda kulikojificha, na hiyo ndiyo midundo yenyewe.

Dawa yao ya kwanza ilikuwa ile inayofundishwa mara nyingi: kapasita ya maikrofaradi 1 sambamba na kitufe, pamoja na rezista ya omu 100 mfululizo na kitufe ili kapasita isimwage chaji yake yote kwa ghafla kwenye vyuma vya kitufe. Kwa upande wa midundo, dawa hii inafanya kazi. Kitufe kinapoachiwa, kapasita inajaa kupitia ile rezista ya kilo-omu 10, na inahitaji karibu milisekunde 7 kufika nusu ya volti 5. Vyuma vikigusana tena kabla ya hapo, kapasita inashushwa chini na kuanza upya. Mdundo mfupi haupati nafasi ya kuvuka nusu. Kweli, baada ya kapasita kuwekwa, namba iliacha kubadilika wakati wa kubonyeza, na miruko mikubwa kama 7 kwenda 12 ikaisha. Kilichobaki ni ule mstari niliouonyesha juu.

Hapo wanafunzi walifikiri kwamba midundo imepungua lakini haijaisha, wakaongeza kapasita hadi maikrofaradi 10. Makosa yakazidi. Matokeo haya walikuwa karibu kuyaacha nje ya ripoti kwa kuwa hayakuingia akilini, na kwangu ndiyo matokeo yenye thamani kuliko yote waliyokusanya. Kama adui angekuwa midundo, kapasita kubwa zaidi ingepaswa kusaidia. Ikiwa inadhuru, basi adui wa sasa ni mwingine, na anapenda kloki inayopanda polepole.

Tuangalie basi kupanda huko kuna polepole kiasi gani. Kwa rezista ya kilo-omu 10 na kapasita ya maikrofaradi 1, kutoka asilimia 10 hadi asilimia 90 ya volti 5 panahitajika milisekunde 22. Karatasi ya data ya chipu za familia ya 74HC, inapozungumzia umeme wa volti 4.5, inataka kupanda huko kusizidi nanosekunde 500. Kloki yao ilikuwa imepitiliza kiwango hicho mara 44,000. Watu wengi husoma mstari huo wa karatasi ya data kama ushauri wa mwendo kasi, wakidhani kwamba haumhusu mtu anayebonyeza kwa kidole. Unamhusu sana. Mstari huo hauzungumzii ni mara ngapi kloki inapanda kwa sekunde. Unazungumzia kila kupanda kumoja kunachukua muda gani.

Sababu inaonekana tukisimama pale kizingiti kinapovukwa. Chipu ya 74HC huamua kwamba kloki imepanda inapovuka karibu nusu ya volti za umeme wake, tuseme volti 2.5. Hapo kapasita bado inajaa kwa mwendo wa volti 250 kwa sekunde. Namba hiyo inaonekana kubwa, lakini chipu inahitaji kama nanosekunde 20 tu tangu kloki ivuke kizingiti hadi matokeo kubadilika kwenye pini zake. Katika nanosekunde hizo 20 kloki imepanda maikrovolti 5. Kwa maneno mengine, taa zinapoanza kuwaka na kuzimika, kloki iko juu ya kizingiti kwa maikrovolti 5 peke yake. Chochote kitakachosogeza kizingiti kwa zaidi ya hapo, hata kwa muda mfupi, kitaifanya chipu ione kloki imeshuka na kupanda tena. Na kupanda tena ni hesabu nyingine.

Kinachosogeza kizingiti ni taa zenyewe. Kila taa inayowaka inavuta karibu miliampea 3, na mkondo huo unaingia kwenye chipu kupitia waya wa umeme wa sentimita 15. Waya wa namna hiyo una indaktansi, kwa makadirio ya mafundi kama nanohenri 1 kwa kila milimita, hivyo jumla ni karibu nanohenri 150. Indaktansi hupinga mabadiliko ya ghafla ya mkondo. Taa zikizimika kwa pamoja, mkondo unapungua ndani ya nanosekunde chache, na waya unajibu kwa kusukuma volti za pini ya umeme ya chipu juu kidogo ya 5. Kizingiti ni nusu ya volti hizo, kwa hiyo nacho kinapanda. Kloki, iliyokuwa imekivuka kwa maikrovolti 5, inajikuta iko chini yake. Kisha volti zinarudi, kizingiti kinashuka, na kaunta inaona kloki mpya.

Sasa turudi kwenye mstari wa namba na tuulize ni wapi mkondo unapungua kwa ghafla zaidi. Kutoka 15 kwenda 0, yaani 1111 kwenda 0000, taa nne zinazimika na hakuna inayowaka: mkondo unashuka kwa miliampea 12. Kutoka 7 kwenda 8, 0111 kwenda 1000, tatu zinazimika na moja inawaka: unashuka kwa miliampea 6. Kutoka 3 kwenda 4 na kutoka 11 kwenda 12 unashuka kwa miliampea 3 tu. Kwingine kote, ama taa moja inazimika na moja inawaka kwa wakati mmoja, ama taa inaongezeka. Kwa hiyo maelezo haya yanatabiri kwamba kosa litakuwa kubwa zaidi kwenye 0, lifuatiwe na 8, na kwa nadra 4 na 12. Wanafunzi walirudi kwenye daftari lao lenye matokeo ghafi, na humo 4 na 12 zilikuwa zimekosekana mara chache, wakati 0 na 8 zilikosekana mara nyingi. Namba zisizogawanyika kwa nne hazikukosekana hata moja. Sijui ushahidi gani wa bei nafuu kuliko huo, maana haukuhitaji kifaa chochote zaidi ya kalamu.

Tukadirie pia ukubwa wa msukumo wenyewe. Mkondo ukishuka kwa miliampea 6 katika nanosekunde 5, na indaktansi ikiwa nanohenri 150:

```
V = L × di/dt = 150 nH × 6 mA / 5 ns = 0.18 V
```

Nusu yake, kama volti 0.09, ndiyo inayoonekana kwenye kizingiti. Kwa kweli nanosekunde 5 ni makadirio, na bredibodi ina mambo mengine ambayo hesabu hii haiyagusi, kama vile mkondo wa graundi na mawimbi madogo yanayotetema kwenye nyaya baada ya kila badiliko. Lakini hata tukikosea kwa mara kumi, tunabaki na milivolti 9 dhidi ya maikrovolti 5. Kwa nini basi kosa halikutokea kila mzunguko? Kwa sababu chipu haihesabu pigo fupi kupita kiasi. Inahitaji kloki ikae chini kwa muda, na pigo la nanosekunde 20 hivi lina uhakika wa kuhesabiwa. Mtetemo wa nyaya wakati mwingine hufikia hapo, wakati mwingine hufifia kabla.

Palikuwa na njia rahisi ya kuyapima maelezo haya bila kugusa kloki. Nilipendekeza wabadilishe rezista za taa, kutoka kilo-omu 1 hadi kilo-omu 10. Mkondo wa kila taa unashuka hadi karibu miliampea 0.3, taa zinafifia lakini bado zinasomeka. Kama kisa kingekuwa midundo ya kitufe, rezista za taa zisingekuwa na habari nayo kabisa. Walipozibadilisha, 0 na 8 zilianza kuonekana mara nyingi zaidi, ingawa bado zilikosekana mara moja moja. Kupungua bila kuisha ndiko tulikotarajia: msukumo umepungua mara kumi, lakini milivolti 9 kwenye kizingiti bado ni nyingi mno mbele ya maikrovolti 5.

Matokeo yakawa ya namna hiyohiyo walipozirudisha rezista za kilo-omu 1 na kuweka kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na chipu, kati ya pini 16 na pini 8. Kapasita hii ni ghala dogo la chaji mlangoni mwa chipu, kwa hiyo badiliko la mkondo halisubiri waya mrefu. Makosa yalipungua sana, na kama jaribio lingekuwa fupi mtu angeweza kuandika kwamba yamekwisha. Kapasita hiyo inapaswa kuwepo siku zote, na ningependa kuiona kwenye kila bredibodi kabla chipu haijawashwa. Lakini peke yake inapunguza kelele tu. Haiongezi umbali kati ya kloki na kizingiti. Umbali ukiwa maikrovolti 5, hakuna bredibodi iliyo tulivu kiasi hicho.

Kilichobaki ni kuisafisha kloki yenyewe, na hapo ndipo ilipoingia 74HC14, chipu yenye mageti sita ya kugeuza, kila moja likiwa trigga ya Schmitt. Sifa ya trigga ya Schmitt, mzunguko uliobuniwa na Otto Schmitt katika miaka ya 1930, ni kwamba ina vizingiti viwili badala ya kimoja. Ikitumia umeme wa volti 4.5, geti la 74HC14 kwa kawaida hukubali kwamba ingizo limepanda likifika karibu volti 2.4, na likishakubali, halitaamini kwamba limeshuka hadi lifike karibu volti 1.4. Kwa volti 5 vizingiti hivyo viko juu kidogo, lakini pengo kati yao linabaki karibu volti 1. Msukumo wa volti 0.1 au 0.2 hauwezi kuvuka pengo hilo. Kapasita inaweza kupanda polepole inavyotaka. Geti linageuka mara moja na kubaki hapo.

Faida ya pili ni kwenye matokeo ya geti. Yanapanda kutoka 0 hadi 5 kwa muda usiozidi nanosekunde 10 hivi. Baada ya zile nanosekunde 20 ambazo kaunta inahitaji kubadilisha taa zake, kloki sasa iko volti 2.5 juu ya kizingiti, si maikrovolti 5. Taa zinaweza kuzimika zote nne kwa pamoja na kizingiti cha kaunta kikayumba kinavyoyumba. Kloki iko mbali.

Kuna jambo moja la utaratibu ambalo lingeweza kuharibu hitimisho lote, na wanafunzi walistahili kulijua kabla ya kuandika. Geti la 74HC14 linageuza. Wakiweka geti moja kati ya kapasita na kaunta, kloki ya kaunta itapanda pale kapasita inaposhuka, yaani wakati wa kubonyeza. Na kushuka kwa kapasita ni kwa kasi zaidi, kwa sababu kunapitia rezista ya omu 100 badala ya kilo-omu 10. Makosa yakiisha hapo, hatujui kama yameisha kwa sababu ya vizingiti viwili au kwa sababu tu tumehamia upande ulio na kasi. Mmoja wao aliuliza, “Mwalimu, si muhimu kwamba yameisha?” Kwa mtu anayetaka kaunta, ndiyo. Kwa ripoti inayodai kueleza chanzo, hapana. Kwa hiyo waliweka mageti mawili mfululizo, la pili likigeuza tena kilichogeuzwa na la kwanza, ili kaunta iendelee kuhesabu wakati wa kuachia, kwa kutumia upande uleule wa polepole ulioleta shida. Ingizo za mageti manne yasiyotumika ziliunganishwa na graundi.

Baada ya hapo 8 ilikuwa mahali pake na 0 mahali pake. Waliirudisha kapasita ya maikrofaradi 10, ambayo awali ilizidisha makosa, na hesabu ikabaki sahihi. Ilibidi tu kusubiri kidogo zaidi kati ya mbonyezo mmoja na mwingine. Waliiondoa hata ile kapasita ya nanofaradi 100 kwa muda, kwa ajili ya jaribio, na bado hesabu ilikuwa sahihi. Kisha wakairudisha, nami nilisisitiza hivyo, kwa kuwa bredibodi hii inaweza kupata chipu nyingine kesho.

Wanafunzi walifikiria pia kuacha kitufe na kutumia NE555, chipu ya kupima muda, kutoa mapigo yenyewe. Mapigo yake hupanda kwa takriban nanosekunde 100, ndani ya kile 74HC inachohitaji, na hayana midundo. Ila NE555 ya kawaida, isiyo ya CMOS, inapogeuka huvuta mkondo mkubwa wa ghafla kutoka kwenye umeme, na bila kapasita karibu nayo itaingiza kelele mpya kwenye bredibodi ileile. Ingekuwa njia nzuri ya kupata kloki, lakini isingetuonyesha kwa nini kloki ya kwanza iliharibika.

Pana sentensi moja katika hitimisho lao niliyowaomba waibadilishe. Waliandika kwamba kloki safi iliondoa mapigo yote ya uongo kwenye kaunta. Sehemu ya mwisho ya zoezi iliwataka wahesabu 0 hadi 9 tu, na walifanya hivyo kwa geti la NAND, ambalo jibu lake hushuka pale tu ingizo zote mbili zinapokuwa juu. Geti hilo lilisoma Q1 na Q3, yaani biti ya pili na ya nne za kaunta kuanzia Q0 iliyo ndogo kabisa, kisha jibu lake likapelekwa kwenye pini ya kufuta. Kwenye 74HC161 pini hiyo haisubiri kloki. Kaunta inapotoka 9, lazima kwanza ifike 10, yaani 1010, ndipo NAND ione na kuifuta. Kwa makumi machache ya nanosekunde Q1 inapanda na kushuka. Macho hayaoni, taa hazionyeshi, lakini osiloskopu iliyowekwa kuanza kwenye Q1, kwa mwendo wa nanosekunde 50 kwa kila kisanduku, inauonyesha mwiba huo kila baada ya hesabu kumi, hata kloki iwe safi kiasi gani. Kama Q1 ingepelekwa kuwa kloki ya kaunta nyingine, mwiba huo ungehesabiwa.

Dawa ya huo si kloki. Ni kutumia 74HC163, yenye mpangilio uleule wa pini lakini inayofuta pale kloki inapopanda tu. NAND inahamishwa isome Q0 na Q3, yaani 9, na kaunta inatoka 9 kwenda 0 bila kugusa 10. Katika ripoti iliyosahihishwa, sentensi ile sasa inasema kwamba kloki safi iliondoa hesabu za ziada, na kwamba mwiba wa Q1 ulibaki hadi chipu ilipobadilishwa.